Usingizi wa Mtoto wa Miezi 18: Kwa Nini Huvurugika na Namna ya Kuurudisha

Mtoto aliyekuwa akilala vizuri tangu alipotimiza mwaka mmoja anaweza kubadilika ghafla anapokaribia miezi 18. Usingizi wa mchana ambao ulikuwa wa saa nzima au zaidi unakatika baada ya dakika 30 au 40. Jioni analia akiona tu chandarua kinashushwa, anashuka kitandani, anadai maji, anamng'ang'ania mama shingoni. Usiku wa manane anaamka na kuita. Mchana, hata hivyo, anakula, anacheza, na kila wiki anaongeza maneno mapya. Hali hii huwapata watoto wengi kati ya miezi 15 na miezi 20, na kwa kawaida hudumu wiki 2 hadi 6. Si ugonjwa wala haifuati tarehe maalumu. Hutokea kwa sababu mambo mawili hukutana katika umri huo: ratiba ya usingizi ya mtoto inabadilika kutoka kulala mara mbili mchana hadi mara moja, na akili yake inafikia hatua ambapo kuachana na mzazi kunamuuma zaidi. Mambo hayo mawili hutibiwa kwa njia tofauti. Ndiyo maana wazazi wengi hupambana na kilio cha usiku huku chanzo chake kikiwa katika saa za mchana.

Nguvu mbili zinazoleta usingizi

Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, alieleza kuwa usingizi hutawaliwa na nguvu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni haja ya usingizi. Tangu mtoto anapofungua macho asubuhi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo, na kadiri anavyokaa macho ndivyo haja hiyo inavyopanda. Akilala, inashuka. Haja ya usingizi ni kama njaa: mtoto aliyekula andazi saa 11:00 jioni hataigusa sahani ya ugali saa 12:30, na aliyelala jioni hataona sababu ya kulala saa mbili baadaye.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili. Ubongo hufuata mwendo wa mwanga na giza, na giza linapoingia hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala. Kwa watoto wadogo homoni hiyo huanza kupanda mapema usiku, mara nyingi kati ya saa 1:00 na saa 2:30. Muda mfupi kabla ya hapo mwili huwa macho zaidi kuliko ulivyokuwa alasiri. Mtoto anayeruka juu ya makochi saa 1:00 jioni hafanyi hivyo kwa ukaidi. Mwili wake uko katika kipindi cha kukesha, na kumlaza wakati huo ni kumlazimisha jambo ambalo ubongo haujaliruhusu.

Katika Afrika Mashariki jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na hilo ni msaada mkubwa kwa saa ya mwili. Kinachoivuruga ni mwanga wa ndani: taa kali ya sebuleni, televisheni, na simu iliyo karibu na uso wa mtoto. Kundi la watafiti wakiongozwa na Monique LeBourgeois wa Chuo Kikuu cha Colorado liliwaweka watoto wa umri wa miaka 3 hadi 5 kwenye mwanga mkali katika saa ya mwisho kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka kwa kiasi kikubwa, na haikurudi katika hali yake mara tu mwanga ulipozimwa.

Kwa jumla, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa umri kati ya mwaka 1 na miaka 2 apate usingizi wa saa 11 hadi 14 katika kila saa 24, pamoja na ule wa mchana. Hesabu hiyo ndiyo ya kwanza kufanywa nyumba inapoanza kuhangaika. Kwa siku tatu au nne mlezi aandike mtoto alilala saa ngapi na aliamka saa ngapi, mchana na usiku. Muda wa kuandika ni ule ambao kweli alilala. Muda aliokaa kitandani akilia hauhesabiwi.

Kwa nini usingizi wa mchana hukatika

Mtoto mchanga hulala mara nyingi kwa siku kwa sababu haja yake ya usingizi hujaa haraka. Akikua, anaweza kukaa macho muda mrefu zaidi kabla haijajaa. Katika umri wa mwaka mmoja wengi bado hulala mara mbili mchana, na kati ya miezi 13 na 18 hivi wengi huhamia kulala mara moja. Mtoto wa miezi 18 aliyeizoea ratiba mpya hukaa macho kwa takriban saa tano hadi sita mfululizo.

Tatizo huanza pale mwili wa mtoto umeshahama lakini ratiba ya nyumba haijahama. Anaamka saa 12:30 asubuhi na kulazwa saa 4:00 kama zamani, akiwa amekaa macho kwa saa tatu na nusu tu. Haja iliyojikusanya inatosha kumfanya asinzie, lakini haitoshi kumpitisha kwenye mwisho wa duru ya kwanza ya usingizi. Usingizi huenda kwa duru: mtoto huzama, huibuka karibu na kuamka, kisha huzama tena. Kwa mtu mzima duru moja huchukua takriban dakika 90. Kwa mtoto wa umri huu ni karibu saa moja au pungufu. Anapoibuka mwishoni mwa duru na haja yake imeshapungua, anaamka kabisa. Huo ndio usingizi mfupi wa mchana, na dalili yake ni kwamba mtoto huamka mchangamfu. Akiamka analia na kujisugua macho, sababu nyingine inawezekana: joto, kelele, mwanga, au kwamba mtu aliyemlaza ameondoka.

Mchana ukipita hivyo, jioni huleta tatizo la pili. Mtoto aliyelala dakika 40 asubuhi anachoka saa 10:00 alasiri, anasinzia mgongoni au kwenye mkeka, na anayemlea anamwacha apumzike. Usingizi huo wa jioni unaimaliza haja yote. Wakati wa kulala usiku unapofika, mtoto hana usingizi kwa kweli, na ugomvi wa kitandani unaanza.

Mfano wa siku moja na marekebisho yake

Mfano wa mtoto wa miezi 18 jijini Dar es Salaam unaonyesha hesabu hii kwa ukamilifu. Mama anatoka kwenda kazini asubuhi na mapema na kurudi saa 1:00 jioni. Mchana mtoto yuko na dada wa nyumbani. Anaamka saa 12:30 asubuhi. Analala saa 4:00 hadi saa 4:40. Mchana anakataa kulala, kisha anasinzia saa 10:30 na kuamka saa 11:45 jioni. Mama anamlaza saa 2:00 usiku, lakini baada ya kilio cha saa mbili nzima usingizi unamchukua saa 4:00. Saa 7:00 usiku anaamka na kukaa macho kwa nusu saa.

Usiku amelala takriban saa nane. Mchana, karibu saa mbili. Jumla ni saa kumi, chini ya kiwango kinachopendekezwa. Na kinachoeleza kilio cha jioni ni pengo moja: kuanzia saa 11:45 hadi saa 2:00 mtoto amekaa macho kwa saa mbili na robo tu, ilhali mwili wake unahitaji karibu mara mbili ya muda huo.

Marekebisho yanaanza asubuhi. Saa ya kuamka inabaki 12:30 kila siku, hata baada ya usiku mbaya, kwa sababu ndiyo nanga ya saa ya mwili. Kisha usingizi wa saa 4:00 asubuhi unasogezwa mbele kwa dakika 15 hadi 30 kila baada ya siku mbili au tatu, mpaka ufike saa 6:30 mchana. Dakika hizo ni rahisi kuzipata nje ya nyumba: mtoto anatolewa uani kwenye mwanga wa jua, anacheza na maji, anatembezwa hadi dukani. Chakula cha mchana nacho kinawahi, kiwe saa 5:30 hadi saa 6:00, ili njaa isimwamshe.

Siku za mwanzo ndizo ngumu, kwa kuwa mtoto akilala saa 4:30 asubuhi na kuamka baada ya dakika 40 hawezi kufika usiku bila kupumzika tena. Anaruhusiwa usingizi wa daraja: dakika 20 hadi 30 mnamo saa 9:00 alasiri, kisha anaamshwa taratibu. Baada ya saa 9:30 halazwi tena. Usingizi wa mchana unapofika saa 5:15 na kurefuka, daraja linaondolewa, na kwa siku chache kitanda cha usiku kinawahishwa hadi saa 1:30 ili uchovu usizidi. Uchovu uliopita kiasi huonekana wazi: mtoto anacheka ovyo, anakimbia bila mwelekeo, anaanguka mara kwa mara, kisha analia kwa jambo dogo.

Baada ya wiki mbili au tatu ratiba inatulia. Mtoto analala saa 6:30 hadi saa 8:30 mchana, anaingia kitandani saa 2:00 usiku, anasinzia saa 2:15 na kuamka saa 12:30 asubuhi. Jumla imekuwa saa 12 na robo, na kati ya kuamka mchana na kulala usiku kuna zaidi ya saa tano na nusu. Mafanikio ya mpango huu yanategemea anayeshinda na mtoto. Dada wa nyumbani, bibi au mlezi wa kituo asipoelezwa kwa nini mtoto asiachwe kulala saa 10:30 jioni, mama atarudi kwenye kilio kilekile kila siku.

Usingizi wa mchana hauondolewi kabisa katika umri huu. Wazazi wengine huona mtoto anaugomea kwa wiki nzima na kudhani amekua, kumbe karibu watoto wote wa miezi 18 bado wanauhitaji, na wengi huendelea nao hadi kufikia miaka mitatu au zaidi. Anayekataa alazwe chini kwa muda uleule kila siku, katika chumba chenye mwanga hafifu, hata asipolala.

Kuogopa kuachwa

Ratiba ikishanyooshwa na mtoto bado analia anapowekwa kitandani, sababu ya pili ndiyo inayofanya kazi. Mtoto wa umri huu anajua kwamba mama yupo hata asipomwona, lakini hajui kesho ni nini wala "narudi sasa hivi" ni muda gani. Kwake, kulala ni kuachana na mzazi.

Sehemu ya msingi wa elimu hii ilipatikana Uganda. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alitembelea familia za Wabaganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia namna watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Matokeo yake aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto humtumia mama kama kituo cha usalama: hutambaa kwenda mbali, hurudi, na hulia mama anapoondoka. Aliona pia kwamba utulivu wa mtoto ulihusiana na jinsi mama alivyoyafahamu na kuyajibu mahitaji yake. Woga wa kuachwa kwa kawaida huwa mkali kati ya miezi 10 na 18, kisha hupungua polepole lugha na kumbukumbu vinapokua.

Kwa hiyo, mzazi anayenyata na kutoweka mara mtoto anapofumba macho, au anayetoka asubuhi kwa mlango wa nyuma ili asionekane, huongeza tatizo. Mtoto hujifunza kwamba akiacha kumlinda mama kwa macho, mama hupotea. Usiku atalinda zaidi. Kuaga waziwazi kwa maneno yaleyale kila mara huleta kilio kifupi lakini hujenga uhakika. Mama anayerudi saa 1:00 jioni naye hana budi kumpa mtoto nusu saa ya kwanza bila simu na bila jiko, kwani mtoto ambaye hajamwona mzazi kutwa nzima ataudai muda huo kitandani.

Mpangilio wa kabla ya kulala

Utafiti wa Jodi Mindell na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulihusisha mama 405 wenye watoto wachanga na wadogo. Walioelekezwa kufuata mpangilio uleule kila usiku kwa wiki mbili waliona watoto wao wakisinzia upesi zaidi na kuamka mara chache. Mpangilio wenyewe ulikuwa wa kawaida: kuoga, kupakwa losheni, kisha shughuli tulivu.

Nyumbani unaweza kuwa hivi. Chakula cha usiku kinaisha angalau saa moja kabla ya kulala, na hapo televisheni inazimwa na taa kubwa inapunguzwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi watoto wa mwaka mmoja kukaa mbele ya skrini hata kidogo, lakini ikiwa saa nyingine za siku zimeshindikana, saa hii ya mwisho ndiyo ya kulindwa kwanza. Mtoto anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavishwa, anakunywa maji, anaagana na waliopo, anaingia ndani ya chandarua, anaimbiwa nyimbo mbili. Yote haya yachukue dakika 30 hivi, kwa mfuatano uleule. Mtoto ambaye hajajua saa hujua mfuatano.

Umri wa miezi 18 pia ni umri wa "sitaki". Swali kama "Unataka kulala?" linaalika kukataa. Chaguo dogo ndani ya jambo lililokwisha kuamuliwa hufanya kazi vizuri zaidi: kanga hii au ile, wimbo huu au ule. Akishuka kitandani anarudishwa kwa utulivu na kwa maneno machache yasiyobadilika, bila mchezo mpya na bila ukali. Mzazi akikataa mara tatu na kukubali mara ya nne, mtoto hujifunza kwamba inafaa kudai mara nne.

Kulala na mtoto kitanda kimoja, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi, si kosa na si chanzo cha tatizo. Linaloleta shida ni tofauti kati ya hali aliyosinzia nayo na hali anayoikuta akiibuka mwishoni mwa duru. Mtoto aliyesinzia akiwa ananyonya mikononi mwa mama sebuleni, kisha akajikuta peke yake gizani, lazima ataita. Kama mama analala naye usiku kucha, ni vyema asinzie palepale atakapolala. Kama analala peke yake, mzazi anaweza kuketi kando ya kitanda mpaka asinzie, na kila baada ya siku tatu asogeze kiti hatua moja kuelekea mlangoni. Kunyonya hakuhitaji kukatishwa, kwa kuwa kunapendekezwa hadi miaka miwili na zaidi. Kunaweza kuhamishiwa mwanzo wa mpangilio, kabla ya nyimbo, ili chuchu isiwe njia pekee ya kusinzia.

Inapokuwa si hatua ya ukuaji

Mtoto anayepita katika hatua hii mchana huwa mzima. Homa haimo. Akiwa na homa katika eneo lenye malaria anapelekwa kupimwa siku hiyohiyo. Kuvuta sikio pamoja na homa au mafua huweza kuwa maambukizi ya sikio. Kujikuna njia ya haja kubwa usiku ni dalili ya minyoo ya uzi, ambayo hutaga mayai wakati huo. Kukoroma kila usiku, hasa kukiwa na pumzi zinazokatika, kunahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto aliyepauka, anayejitupa huku na huko usingizini au anayekula udongo apimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huvuruga usingizi.

Meno nayo yana nafasi yake. Magego ya kwanza huota kati ya miezi 13 na 19 na chonge kati ya miezi 16 na 22, na fizi huweza kuuma usiku. Maumivu hayo huisha baada ya siku chache kwa kila jino na hayaleti homa kali, hivyo hayaelezi wiki sita za kukesha.

Dawa za mafua na mzio zinazosababisha usingizi zisitumiwe kumlaza mtoto. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba prometazini isipewe watoto walio chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kuzuia pumzi hadi kuua.

Kinachorudi nyuma katika umri huu ni usingizi peke yake. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa akiyasema, anayeacha kuitikia jina lake au anayeshindwa kutembea kama alivyokuwa anapaswa kuonwa na daktari wa watoto bila kusubiri. Vilevile mtoto ambaye ratiba yake imenyooshwa na mpangilio wake umefuatwa kwa wiki sita pasipo nafuu yoyote apelekwe kliniki pamoja na kumbukumbu iliyoandikwa ya saa zake za kulala na kuamka, kwani kwa daktari karatasi hiyo husaidia zaidi kuliko maelezo ya mzazi aliyechoka.